Kumfuta Mteja Nambari 48213

Mwezi Oktoba 2019, mtafiti mmoja wa usalama wa mitandao aliiarifu Instagram jambo lililomshangaza. Alikuwa ameomba nakala ya data yake yote, na ndani ya faili alizotumiwa akakuta picha na jumbe alizozifuta zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Kwenye simu yake hazikuwepo, na kwenye akaunti yake hazikuonekana, lakini kwenye seva za kampuni zilikuwa zingali zimekaa. Instagram ilieleza kwamba ni hitilafu ya mfumo, ikairekebisha Agosti 2020, na ikampa mtafiti huyo zawadi ya dola 6,000 kwa kuigundua.

Makosa ya namna hii mara nyingi hayatokani na hila. Yanatokana na ukweli kwamba mfumo wowote unaohudumia watu wengi huiweka data ileile mahali pengi, tena kwa sababu nzuri. Kuna replika, yaani nakala hai za hifadhidata, ili seva moja ikizimika nyingine ishike zamu. Kuna kache, inayoweka karibu yale yanayoulizwa mara kwa mara ili ukurasa ufunguke upesi. Kuna logi, zinazoandika kila tukio ili mafundi wajue kilichoharibika na saa ngapi. Na kuna bakapu, zinazotunzwa kwa ajili ya siku ambayo vyote vingine vimeharibika. Mtu akibonyeza "futa", amri yake hufika sehemu moja tu. Kazi ya kuifuatilia mpaka kwenye hizo nyingine ni ya mafundi, na hapo ndipo mambo huharibika.

Sheria haingoji mafundi wamalize mijadala. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, katika kifungu cha 40, inampa mtu haki ya kudai data yake ifutwe pale kampuni isipokuwa tena na sababu ya kuishika, na kanuni zilizotungwa mwaka 2021 zinaitaka kampuni ijibu ombi hilo ndani ya siku 14. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ulaya ilitangulia kwa kanuni yake ya GDPR, inayotumika tangu Mei 2018 na kutoa mwezi mmoja wa kujibu. Swali linalobaki ni hili: siku ya 14 ikifika, fundi anaweza kumwambia mteja nini bila kusema uongo?

Ombi linaingia

Tuchukue mfano. Kampuni ya kusafirisha vifurushi jijini Nairobi ina wateja milioni moja. Mteja nambari 48213 ameitumia kwa miaka miwili, na sasa ameandika barua pepe akitaka data yake yote ifutwe. Ni tarehe 3 Machi, saa 4:00 asubuhi.

Kampuni ina hifadhidata kuu ya PostgreSQL na replika mbili. Ina kache, na ina picha za vitambulisho vya wateja zilizowekwa kwenye hifadhi ya faili. Logi zake hukusanywa kutoka seva zote na kuwekwa pamoja. Kila usiku saa 8:00 bakapu huchukuliwa na kutunzwa kwa siku 35, na ile ya tarehe 1 ya kila mwezi hutunzwa miezi 12.

Kosa la kwanza hutokea hapohapo mwanzoni. Mifumo mingi imeundwa ili "kufuta" kuwe na maana hii:

```sql
UPDATE wateja SET imefutwa = true WHERE id = 48213;
```

Amri hiyo haijafuta chochote. Imebandika alama kwenye safu ya mteja, na programu imeagizwa isimwonyeshe mwenye alama hiyo. Jina lake, namba yake ya simu na anwani ya nyumbani kwake viko palepale, na yeyote mwenye ruhusa ya kuisoma hifadhidata moja kwa moja atavikuta. Wahandisi huipenda njia hii kwa kuwa mteja akijuta kesho akaunti yake hurudishwa kwa sekunde moja. Kama muda wa kutafakari, haina ubaya. Meta, kwa mfano, humpa mtu siku 30 za kubadili nia kabla ya kuanza kuifuta akaunti yake ya Facebook, kisha inasema kazi yenyewe inaweza kuchukua hadi siku 90. Ubaya huja pale alama inapowekwa na hakuna mtu wala programu inayorudi kumalizia.

Kumalizia nako kuna mpangilio wake. Safu ya mteja ndiyo inayojua picha ya kitambulisho chake iko kwenye faili gani, oda zake ni zipi, na jina lake limeandikwa kwenye majedwali gani mengine. Ukianza kwa kuifuta safu hiyo, umekata uzi unaokupeleka kwenye vingine. Picha itabaki kwenye hifadhi ya faili ikiwa yatima, haina mwenyewe, wala hakuna atakayeitafuta tena. Kwa hiyo fundi makini kwanza huorodhesha kila kinachomhusu 48213, akakifuta kimoja kimoja huku akiandika kipi kimekwisha, na safu ya mteja huifuta mwisho kabisa. Umeme ukikatika katikati, kazi huendelea pale ilipoishia. Wahandisi wa Facebook walichapisha mwaka 2020 maelezo ya mfumo wao wa kufuta, waliouita DELF, na msingi wake ni huohuo: kufuta ni kazi ndefu inayoweza kukatizwa njiani, kwa hiyo lazima iwe na kumbukumbu yake na iweze kurudiwa mpaka ikamilike.

Replika iliyolala na kuamka

Amri ya kweli ya kufuta ikishatolewa kwenye hifadhidata kuu, PostgreSQL huipeleka kwenye replika kwa mfululizo uleule inaotumia kupeleka mabadiliko mengine yote. Kwa kawaida huchukua chini ya sekunde moja. Hata hapo maandishi yenyewe hayajatoweka kwenye diski. Safu imetangazwa kuwa mfu, na nafasi yake huachiliwa baadaye na kazi ya usafi iitwayo `VACUUM`, kisha data nyingine huja kuandikwa juu yake. Kwenye mfumo unaoendeshwa vizuri hilo hujitokea lenyewe bila kumsumbua mtu.

Kuna hifadhidata za aina nyingine ambazo hazina seva kuu. Kila nakala ina haki sawa na wenzake, na hupeana habari zenyewe kwa zenyewe. Cassandra ni mojawapo, na inafaa tuiangalie kwa sababu inaonyesha wazi jinsi kilichofutwa kinavyoweza kufufuka. Tuseme nakala tatu zina safu ya mteja wetu, na ya tatu imezimika wakati amri ya kufuta inatolewa. Mbili za kwanza zikiiondoa safu hiyo kabisa, ya tatu ikiamka itawaambia wenzake, "Nina safu ambayo ninyi hamna." Wao watadhani walipitwa na habari, wataipokea, na mteja atakuwa amerudi.

Kuzuia hilo, Cassandra haiondoi safu papo hapo. Huandika mahali pake alama inayosema safu hii imefutwa saa fulani, na alama hiyo husambazwa kwenye nakala zote kama data nyingine yoyote. Hutunzwa kwa sekunde 864,000, yaani siku 10, kabla ya kuruhusiwa kuondolewa. Nakala iliyolala ikiamka siku ya tano na kulinganishwa na wenzake, itaiona alama na kutii. Ikiamka siku ya kumi na mbili, alama huenda zimeshaondolewa na hakuna wa kuiambia kwamba mteja alifutwa. Ndiyo maana kwa watu wa Cassandra kazi ya kuzilinganisha nakala zote ndani ya kila siku 10 haiahirishwi, na seva iliyopotea kwa muda mrefu zaidi ya huo hairudishwi ilivyo. Hufutwa yote na kujazwa upya.

Sekunde mbili za kache

Kache inaonekana rahisi kwa sababu kila kinachowekwa humo huwekewa muda wa kuisha. Lakini kuna mtego mdogo unaowanasa hata wazoefu, na ukiutazama kwa sekunde zake utaona unavyofanya kazi.

Saa 4:00 kamili, hifadhidata kuu inamfuta mteja 48213. Sekunde moja baadaye, programu inamwondoa kwenye kache, kama ilivyoagizwa. Ila siku hiyo replika imelemewa na iko nyuma kwa sekunde tatu. Kwenye sekunde ya pili, programu nyingine inayotayarisha orodha ya wateja inamtafuta 48213, inamkosa kwenye kache, inamuuliza replika. Replika bado haijapata habari, inampa jina na namba ya simu. Programu inayapokea na kuyaweka kwenye kache, kwa saa 24. Sekunde ya tatu replika inamfuta. Sasa hifadhidata zote tatu hazina mteja huyu, ila kache inaye, na imejazwa baada ya kusafishwa.

Tiba yake ni kuifuta kache mara mbili, mara ya pili ikiwa dakika chache baadaye wakati replika zote zimeshafika, na kuhakikisha hakuna kitu kinachowekwa kwenye kache bila muda wa kuisha. Kache isiyo na muda wa kuisha imegeuka kuwa hifadhidata nyingine, ambayo haipo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Picha zina kache zake za mbali zaidi, yaani seva zilizotawanywa duniani ili picha isisafiri kutoka mbali. Facebook ilipata aibu kubwa hapo. Kuanzia mwaka 2009 waandishi wa habari walionyesha kwamba picha iliyofutwa bado ilifunguka kwa yeyote aliyekuwa amehifadhi kiungo chake cha moja kwa moja, na miaka mitatu baadaye baadhi zilikuwa bado zinafunguka. Ilipofika mwaka 2012 ndipo kampuni iliporekebisha mfumo wake wa picha ili zilizofutwa ziondoke kweli. Kwa kampuni yetu ya vifurushi, somo ni kwamba kufuta faili ya kitambulisho hakutoshi. Lazima seva za mbali nazo ziamriwe kuitupa nakala yake, kisha mtu ajaribu kukifungua kile kiungo cha zamani na kuona kwa macho yake kwamba hakifunguki.

Logi hazisahau

Logi huandikwa kwa kuongezewa mstari chini ya mstari, kisha hubanwa na kuhamishiwa kwenye hifadhi ya bei nafuu. Hazikuundwa ili mtu arudi kuchomoa mstari mmoja. Sasa tazama mstari huu mmoja wa seva yetu:

```
2025-03-01 08:14:22 GET /tafuta?simu=07XXXXXXXX 200
```

Mfanyakazi wa huduma kwa wateja alimtafuta 48213 kwa namba yake ya simu, na kwa kuwa namba hiyo ilipita kwenye anwani ya ukurasa, seva imeiandika. Hakuna aliyeamua kuihifadhi. Mistari kama huo inaweza kuwa maelfu, imetawanyika kwenye mamia ya faili. Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake wote, zaidi ya milioni 330, wabadilishe nywila, baada ya kugundua kwamba nywila zilikuwa zinaandikwa kwenye logi ya ndani kabla ya kufichwa. Hifadhidata yao ilikuwa salama kama ilivyopangwa. Tatizo lilikuwa kwenye logi.

Kwa logi, kinga ni bora kuliko tiba. Kampuni huamua kuandika nambari ya mteja tu, `48213`, na kamwe isiandike jina, simu wala anwani, kisha huziwekea logi muda mfupi wa kuishi, tuseme siku 30. Mteja akifutwa, nambari 48213 inayobaki kwenye logi haielekezi tena kwa mtu yeyote kwenye mfumo, na baada ya siku 30 nayo haipo.

Wengine hudhani wamepata njia ya mkato. Huipitisha namba ya simu kwenye fomula kama SHA-256, inayotoa mfuatano wa herufi na tarakimu usioweza kurudishwa nyuma, kisha huandika huo. Kwa namba za simu, hilo ni pazia jepesi mno. Namba zinazoanza na 07 na kufuatiwa na tarakimu nane ni milioni 100 tu kwa jumla. Kompyuta ya kawaida inaweza kuzipitisha zote kwenye fomula hiyo kwa dakika chache na kutengeneza orodha ya kila namba na mfuatano wake. Mwenye orodha hiyo anazisoma logi kana kwamba hakuna kilichofichwa.

Bakapu, mahali pagumu kuliko pote

Mpaka hapa kazi imeshachukua siku moja, na logi zimewekewa tarehe ya kuisha. Bakapu ni habari nyingine, kwa sababu kazi ya bakapu ni kukataa kufutwa.

Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa GitLab aliyekuwa amechoka usiku alifuta data ya hifadhidata kuu akidhani yuko kwenye seva ya pili. Walipokimbilia njia zao za kurejesha, wakakuta karibu zote hazifanyi kazi. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa bahati saa chache kabla, na bado walipoteza data ya takriban saa sita. Kila mhandisi anakijua kisa hicho, na ndiyo maana ukimwambia afungue bakapu ya jana usiku amchomoe mtu mmoja, atakataa. Bakapu imebanwa na kufungwa kama faili moja kubwa. Mara nyingi imewekwa mahali ambapo hata msimamizi mkuu hawezi kuibadilisha, kwa kusudi la kuwazuia wahalifu wanaofunga data na kudai fidia. Na bakapu iliyofunguliwa na kufungwa tena si ile iliyojaribiwa. Kuifanyia hivyo kila mteja mmoja anapoomba kunaweza kuwaponza wateja 999,999 waliobaki.

Kwa hiyo kinachofanyika kwenye makampuni mengi makini ni kuacha bakapu zife kwa umri wao. Hapo tarehe zina maana kubwa, tuzihesabu. Mteja alifutwa tarehe 3 Machi saa 4:00 asubuhi. Bakapu ya mwisho yenye jina lake ni ile ya saa 8:00 usiku wa kuamkia siku hiyo. Inatunzwa siku 35, kwa hiyo inaisha tarehe 7 Aprili. Lakini kuna ile ya mwezi, iliyochukuliwa tarehe 1 Machi na kutunzwa miezi 12. Kwa sababu ya hiyo moja, 48213 hataondoka kabisa mpaka tarehe 1 Machi ya mwaka unaofuata. Kampuni ikiulizwa bakapu hizo za mwezi zimewahi kutumika kwa lipi, jibu mara nyingi huwa kwamba hazijawahi kutumika. Kupunguza umri wake ni uamuzi wa dakika chache, na humfaa kila mteja atakayeomba kufutwa kuanzia hapo. Google imeandika wazi kwamba kwao kuiondoa data kwenye mifumo hai huchukua karibu miezi miwili, na kwenye bakapu hadi miezi sita.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye siku ya kurejesha. Usiku wa tarehe 3 Machi, kampuni yetu inaweka toleo jipya la programu, na toleo hilo lina kosa linaloharibu anwani za wateja polepole. Linagunduliwa tarehe 10. Mafundi wanarejesha jedwali zima la wateja kutoka kwenye bakapu ya mwisho iliyo safi, ambayo ni ya saa 8:00 usiku wa kuamkia tarehe 3. Anwani zinapona, kila mtu anashusha pumzi. Mteja 48213 naye amerudi pamoja na wengine, na tarehe 12 anapokea ujumbe wa simu wa kumtangazia punguzo la bei. Hakuna mashine iliyotoa ishara ya hatari. Kwa mfumo, yeye ni mteja kama wengine.

Kinga ya hilo ni orodha ndogo ya waliofutwa, yenye nambari na tarehe peke yake, isiyo na jina wala simu. Haikai ndani ya hifadhidata inayochukuliwa bakapu, kwa kuwa hifadhidata ikirudishwa nyuma, orodha ingerudi nyuma nayo. Hukaa pembeni, na kanuni ni moja: bakapu yoyote ikirejeshwa, huduma haifunguliwi mpaka orodha hiyo ipitishwe juu yake.

```sql
DELETE FROM wateja
WHERE id IN (SELECT mteja_id FROM orodha_ya_kufuta);
```

Mstari huo ni mfupi, na amri hiyohiyo hurudiwa kwa majedwali mengine na faili. Ugumu uko kwenye kuukumbuka saa tisa usiku huduma ikiwa imelala na simu zinalia. Kwa hiyo huandikwa ndani ya programu yenyewe ya kurejesha, uende bila kuombwa. Orodha nayo ina mwisho wake. Bakapu ya mwisho yenye 48213 ikishaisha, hata nambari hiyo huondolewa.

Kuuharibu ufunguo

Kuna njia ya kuifikia hata bakapu ambayo huwezi kuigusa. Mwaka 1996, Dan Boneh na Richard Lipton walichapisha makala kuhusu bakapu zinazoweza kubatilishwa. Wazo lao ni kwamba data isimbwe kwa fumbo kabla ya kuingia kwenye bakapu, na siku ya kuifuta, kinachoharibiwa ni ufunguo. Ni kama kuwa na sanduku la chuma lisilovunjika kwenye kila ghala: ukiuyeyusha ufunguo pekee uliopo, hujali tena masanduku yako mangapi na yako wapi.

Kwa kampuni yetu, kila mteja angepewa ufunguo wake. Ufunguo una baiti 32, kwa hiyo wa wateja milioni moja ni megabaiti 32, chini ya video fupi ya simu. Jina, simu na anwani ya 48213 huandikwa kwenye hifadhidata vikiwa vimesimbwa kwa ufunguo wake, na hivyo ndivyo vinavyoingia kwenye replika na kwenye bakapu zote. Siku ya kumfuta, ufunguo unafutwa, na maandishi yake yaliyosimbwa popote yalipo yanabaki kuwa tarakimu zisizo na maana.

Njia hii ina masharti yake. Funguo nazo zinahitaji bakapu, maana zikipotea zote kampuni imepoteza wateja wote. Bakapu za funguo zikitunzwa miezi 12, hakuna kilichookolewa. Zikitunzwa siku 7, basi aliyefutwa tarehe 3 Machi atakuwa hasomeki popote ifikapo tarehe 10, ndani ya zile siku 14. Sharti la pili ni kwamba ufunguo hauwezi kusaidia kwa data iliyokwisha toka nje bila kusimbwa: namba ya simu iliyoponyokea kwenye logi, jina lililoingia kwenye ripoti ya mauzo, au bakapu zilizochukuliwa kabla mfumo huu haujaanza. Ndiyo maana wanaoutumia huanza kwa kusafisha logi zao kwanza.

Kinachobaki kwa sheria, na namna ya kujua

Si kila kitu kinaweza kufutwa, na mteja ana haki ya kuambiwa hivyo. Sheria ya Kenya ya kuzuia utakatishaji wa fedha, kwa mfano, inazitaka taasisi zinazohusika zitunze kumbukumbu za miamala kwa miaka isiyopungua saba. Sheria ya Ulinzi wa Data nayo inatambua kwamba data nyingine inahitajika kama ushahidi, na hapo kampuni huzuia matumizi yake badala ya kuifuta. Inaitaka pia kampuni iliyowapa wengine data hiyo ichukue hatua za kuwaarifu. Kwa kampuni ya vifurushi, hao ni pamoja na wanaoisambazia jumbe za simu na wanaoichambulia takwimu.

Mhandisi anayetaka kujua kama mfumo wake unafuta kweli hana haja ya kukisia. Hutengeneza mteja wa majaribio mwenye jina ambalo haliwezi kuwa la mtu mwingine, akamwagizia vifurushi, akampakia picha, kisha akaomba afutwe kama mteja yeyote. Baada ya hapo analitafuta jina hilo kwenye replika, kache, logi na ripoti, na anarejesha bakapu ya kabla ya kumfuta kwenye seva iliyotengwa kuona kama orodha itamwondoa. Jina likijitokeza popote, amepata tundu lake. Jaribio hili lafaa kurudiwa kila miezi michache, kwa sababu programu hubadilika na kila badiliko linaweza kuleta nakala mpya isiyojulikana.

Mteja naye ana njia zake. Kuiondoa programu kwenye simu hakufuti chochote kwenye seva, kwa hiyo ombi lazima litumwe, kwa maandishi, likiwa na tarehe. Wiki chache baadaye anaweza kuomba nakala ya data yake, kama alivyofanya yule mtafiti, na kuona kinachorudi. Na katika ombi lenyewe anaweza kuuliza mambo matatu: data yangu imetoka kwenye mifumo hai tarehe gani, bakapu ya mwisho yenye jina langu itaisha tarehe gani, na ni kipi mnachobaki nacho na kwa sheria ipi. Akikosa jibu, Kenya kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na Tanzania kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambazo kazi yao ni kupokea malalamiko kama hayo.

Barua ya kweli kwa mteja wetu ingesema kwamba tarehe 3 Machi data yake iliondolewa kwenye hifadhidata, kache na picha. Kwamba logi zenye nambari yake zitaisha tarehe 2 Aprili. Kwamba bakapu ya mwisho ya kila siku itaisha tarehe 7 Aprili na ile ya mwezi Machi mosi ya mwaka unaofuata, na ikirejeshwa kabla ya hapo ataondolewa tena kabla huduma kufunguliwa. Na kwamba risiti za malipo zitatunzwa kwa muda unaotakiwa na sheria, bila kutumika kwa lingine. Ni aya moja tu. Kampuni inayoweza kuiandika inajua data ya wateja wake iko wapi. Isiyoweza kutaja hata tarehe moja kati ya hizo imeficha jina kwenye skrini, na mteja asikubali kuambiwa kwamba amefutwa.